Mabega na Kano za Mpiga Kinanda: Namna ya Kukaa, Kupumzika na Kujinyoosha

Katika somo hili tunawageukia wale wanaotumikia liturujia kwa mikono yao, yaani wapiga kinanda wa parokia, wa vigango na wa seminari zetu. Wengi wao wanajua maumivu yanayoanzia shingoni, yakashuka begani, na hatimaye yakafika kwenye kifundo cha mkono, pale tunapovaa saa. Wengi pia wameyapokea kama sehemu ya kazi, kama vile mkulima anavyopokea sugu la jembe. Tunataka kuonyesha kwamba maumivu haya yana visababishi vinavyojulikana, na kwamba sehemu kubwa yake inazuilika kwa mambo matatu: namna ya kukaa, namna ya kupumzika na namna ya kujinyoosha. Tutayaeleza kwa utaratibu huo, kisha tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Vidole vinavutwa kutoka mbali

Weka mkono wako wa kulia mezani, kiganja kikiangalia chini. Kwa mkono wa kushoto shika kigasha cha mkono huo wa kulia, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, karibu na kiwiko. Sasa chezesha vidole vya kulia kana kwamba unapiga kinanda. Utasikia nyama ikicheza chini ya mkono wako wa kushoto. Hapo ndipo injini ya vidole ilipo. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna misuli ya kuvikunja wala kuvinyanyua. Misuli hiyo imekaa kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kutumia kano, kamba ngumu nyeupe zinazounganisha msuli na mfupa. Misuli mingine midogo imo kiganjani, nayo husaidia kutanua na kubana vidole.

Kano hizo zinapita kwenye kifundo cha mkono, mahali pembamba sana. Upande wa kiganja pana njia moja ambamo kano tisa zinapita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Zaidi ya hayo, kano nyingi zimevikwa ala, mfano wa kisu ndani ya ala yake, na ndani ya ala hiyo mna ute unaozisaidia kuteleza. Kifundo kikiwa kimenyooka, kano zinateleza bila taabu. Kifundo kikipinda juu, chini au upande, kano zinapita kwenye kona na kusuguana na kingo za njia yake. Ni kama kamba ya kisimani: ikipita katikati ya gurudumu inadumu miaka, lakini ikisuguana na ukingo wa saruji inaanza kuchanika mapema.

Tofauti ni kwamba kano ni kitu hai, nayo hujirekebisha. Lakini hujirekebisha polepole kuliko msuli, kwa sababu inapata damu kidogo. Msuli uliochoka leo unaweza kuwa mzima keshokutwa, ilhali kano iliyoelemewa inaweza kuhitaji majuma kadhaa. Ndiyo maana mpiga kinanda anaweza kujisikia ana nguvu za kuendelea wakati kano zake zimekwisha kuzidiwa.

Bega nalo lina mzigo wake. Mkono mzima wa mtu una uzito wa takribani sehemu moja katika ishirini ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 70 amebeba kama kilo tatu na nusu kila upande. Mkono ukining'inia kando ya mwili, uzito huo hauchoshi. Ukiinuliwa mbele au pembeni, unashikiliwa na misuli ya bega, pamoja na ule msuli mkubwa unaoshuka kutoka shingoni hadi begani. Msuli unaobana bila kulegea hubana pia mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, na matokeo yake ni uchovu, ugumu na maumivu. Mpiga kinanda anayepandisha mabega kwa nusu saa anafanya kazi ya mtu aliyenyanyua ndoo asiitue, hata kama vidole vyake vinacheza kwa wepesi.

Jambo la kwanza: urefu wa kiti na wa kinanda

Katika makanisa yetu mengi kinanda kimewekwa juu ya meza ya kawaida, au juu ya stendi ya miguu inayokingamana iliyoachwa pale ilipofungwa siku ya kwanza. Mpigaji anaketi kwenye kiti cha plastiki au kwenye benchi. Hapa ndipo tatizo linapoanza, na tunaweza kuliona kwa futi ya fundi cherehani.

Keti unavyoketi siku zote, mikono ikining'inia na viwiko vimekunjwa. Mwombe mwenzako apime mambo mawili: kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko chako, na kutoka sakafuni hadi juu ya vibao vyeupe vya kinanda. Vipimo hivi viwili vinatakiwa kulingana, au kiwiko kizidi kwa sentimita mbili au tatu. Hapo kigasha kitalala sawa na sakafu, kifundo kitanyooka, na bega halitakuwa na sababu ya kupanda.

Tuchukue kipimo cha mpangilio ulio wa kawaida. Meza ina urefu wa sentimita 75, na vibao vya kinanda viko sentimita 8 juu ya meza, kwa hiyo jumla ni 83. Kiti cha plastiki kina sentimita 43, na kiwiko cha mpigaji kiko sentimita 23 juu ya kiti, kwa hiyo jumla ni 66. Tofauti ni sentimita 17. Ili vidole vifikie vibao, mpigaji huyu hana budi kupandisha mabega, kutanua viwiko na kukunja vifundo. Ukimwambia alegeze mabega ataweza kwa sekunde kumi tu, kisha yatapanda tena, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio unaoyapandisha.

Marekebisho yanaanzia kwenye kinanda. Kiondoe mezani ukiweke juu ya stendi, kisha ishushe stendi hadi kitako cha kinanda kiwe sentimita 62 kutoka sakafuni. Vibao sasa viko kwenye 70. Halafu ongeza kiti kwa sentimita 3, kwa ubao au mto mgumu uliofungwa vizuri usiteleze. Kiwiko sasa kiko kwenye 69. Tofauti imebaki sentimita moja, ambayo haina madhara. Angalia pia kwamba mapaja yanapita chini ya kinanda bila kubanwa. Kama hakuna stendi, meza ya zamani inaweza kukatwa miguu na seremala. Kuongeza kiti peke yake hakutoshi, kwa sababu kiti kikipanda sana miguu itaning'inia, na mtu asiyekanyaga chini vizuri huanza kujishikilia kwa mgongo na mabega.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu kukaa. La kwanza ni umbali. Ketia nusu ya mbele ya kiti, miguu yote miwili ikiwa chini, na jisogeze mpaka viwiko viwe mbele kidogo ya mwili. Ukikaa mbali unanyoosha mikono, na zile kilo tatu na nusu zinakuwa nzito zaidi. Ukikaa karibu mno, viwiko vinarudi nyuma na vifundo vinapinda upande. La pili ni mahali pa nota. Nota zikilala juu ya kinanda, shingo inainama muda wote. Ziinue mbele ya macho, na stendi ya nota iwe upande ule ule anaosimama mwalimu wa kwaya, ili usilazimike kugeuza shingo mara mia katika Misa moja.

Wanaopiga wakiwa wamesimama watumie kanuni ile ile: vibao vilingane na kiwiko. Wajihadhari na pedali, kwani anayesimama huku mguu mmoja uko kwenye pedali hubeba mwili kwa mguu wa pili, na bega la upande mmoja hushuka.

Nguvu isiyoongeza sauti

Kabla hatujaondoka kwenye namna ya kupiga, tutaje tabia moja inayoumiza kano nyingi. Kwaya ina waimbaji arobaini, spika zimewaelekea waamini, na mpigaji hajisikii. Anafanya nini? Anabonyeza kwa nguvu zaidi.

Katika kinanda cha umeme, kibao kikishafika chini kazi yake imekwisha. Kukikandamiza zaidi hakuongezi sauti hata kidogo. Ukiwa umechagua sauti ya piano, kinachopimwa na chombo ni mwendo wa kibao wakati kinashuka. Ukiwa umechagua sauti ya ogani, katika vinanda vingi hata mwendo huo haubadilishi kitu. Basi nguvu zote za ziada zinaishia kwenye kano za mpigaji. Dawa yake ni kuongeza sauti kwenye kitufe, kugeuza spika moja ndogo imwelekee mpigaji, na kujizoeza kulegeza kidole mara kibao kinapogusa chini, ukikishikilia kwa uzito mdogo tu unaotosha kukizuia kisipande.

Ukitaka kujua kama una tabia hii, angalia kidole gumba na kidole kidogo unapopiga wimbo wa haraka. Kama kidole kidogo kimesimama hewani na gumba limekakamaa, unatumia nguvu nyingi kuliko inavyohitajika. Njia nyingine ni kumwomba mwenzako akuchukue video ya dakika mbili kutoka nyuma, kwa simu. Tazama umbali kati ya masikio na mabega mwanzoni mwa wimbo na mwishoni mwake. Ukipungua, umeona mwenyewe kinachokuumiza.

Jambo la pili: mapumziko, na hatari ya mzigo wa ghafla

Kano hazidhuriwi na kazi nyingi peke yake. Zinadhuriwa zaidi na kazi inayoongezeka ghafla. Hapa kalenda yetu ya liturujia inagusa moja kwa moja afya ya mpiga kinanda. Katika Kwaresima, maelekezo ya Misale ya Roma yanaruhusu ala za muziki kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu. Utukufu hauimbwi Dominika hizo. Vidole vinapata kazi ndogo kwa majuma kadhaa. Kisha linakuja Juma Kuu, na nyimbo za Mkesha wa Pasaka, Utukufu na Aleluya, zote zinahitaji kufanyiwa mazoezi kwa siku chache.

Hebu tuhesabu. Mpiga kinanda ana mazoezi ya saa moja na nusu Jumatano, saa moja na nusu Jumamosi, na upigaji wa jumla ya saa moja katika Misa mbili za Dominika. Ni masaa 4 kwa juma. Katika Juma Kuu anapiga masaa 2 kila jioni kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, masaa 2 Alhamisi asubuhi, masaa 2 Jumamosi asubuhi, saa moja katika Mkesha na saa moja Dominika ya Pasaka. Jumla ni 12. Mzigo umekuwa mara tatu katika juma moja, na kano hazikupewa nafasi ya kuzoea.

Masaa hayo 8 ya ziada yanaweza kugawanywa. Kwaya ikianza nyimbo za Pasaka majuma manne kabla ya Juma Kuu, mpigaji anaweza kwenda na masaa 5, 5, 6 na 6, kisha Juma Kuu lenyewe likawa na masaa 6. Kazi ni ile ile, lakini hakuna juma linaloruka ghafla. Utaratibu huu uko mikononi mwa mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wake kuliko mikononi mwa mpigaji, na hivyo tunawaomba nao walisome somo hili. Mambo hayo hayo yanafaa kwa Noeli, kwa upadrisho na kwa mashindano ya kwaya.

Ndani ya mazoezi yenyewe, kipimo kinachofaa ni dakika 25 za kupiga na dakika 5 za kuacha. Kuacha maana yake ni kuinuka kwenye kiti, kuning'iniza mikono na kutembea kidogo. Anayetoa mikono kwenye kinanda na kuanza kuandika ujumbe kwa vidole gumba kwenye simu hajapumzika, kwa sababu kano za gumba zinaendelea na kazi.

Yako pia mapumziko madogo ambayo hayamchelewishi mtu. Mwalimu anapowaeleza waimbaji jambo, mikono ya mpigaji ishuke mapajani. Watu wengi huiacha imeelea juu ya vibao, tayari kuanza, na hivyo bega halilegei kwa saa nzima. Misa nayo ina nafasi zake: wakati wa masomo na mahubiri, weka mikono mapajani, viganja vikiangalia juu, uache mabega yashuke kwa uzito wake yenyewe.

Pana chanzo kingine cha uchovu ambacho ni rahisi kukiondoa. Wakati wa kufundisha sauti, mpigaji huombwa kurudia mstari wa soprano mara kumi, kisha alto mara kumi, kisha tenor na besi. Mistari hii hupigwa kwa mkono mmoja, mara nyingi wa kulia. Mwalimu akitoa noti ya kuanzia kutoka kwenye kinanda, kisha akaimba mstari mwenyewe, kazi ya mkono huo inapungua sana, na waimbaji nao hujifunza kusikiliza sauti ya mtu.

Jambo la tatu: kujinyoosha kwa upole

Watu wengi hudhani kujinyoosha ndiyo kinga kuu. Sisi tumekuweka mwishoni kwa makusudi. Kujinyoosha hupunguza ugumu na hukusaidia kutambua mahali ulipokakamaa, lakini hakuwezi kurekebisha meza iliyozidi sentimita 17 wala juma lenye masaa mara tatu.

Kabla ya kupiga, hitaji la kwanza ni joto, si kuvuta. Zungusha mabega nyuma mara kumi polepole, fungua na kufunga viganja mara ishirini, kisha piga ngazi ya nyepesi au wimbo wa taratibu kwa dakika tano. Asubuhi ya baridi, kama zile za Njombe au Mbulu mwezi Julai, nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu au uvae sweta yenye mikono mirefu.

Baada ya kupiga, mwili ukiwa na joto, fanya minyoosho minne. Kila mmoja ushike kwa sekunde 15 hadi 20, mara mbili kila upande, ukipumua kawaida.

1. *Nyuma ya kigasha.* Nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia chini. Acha kiganja kianguke, kisha kwa mkono wa pili kivute taratibu kuelekea mwilini. Utasikia mvuto juu ya kigasha.

2. *Mbele ya kigasha.* Nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia juu. Kwa mkono wa pili vuta kiganja chote, si ncha za vidole, kielekee chini.

3. *Shingo na juu ya bega.* Keti wima na ushike ukingo wa kiti kwa mkono wa kulia, ili bega lisipande. Inamisha kichwa upande wa kushoto, sikio likielekea begani. Usikivute kwa mkono. Kisha badili.

4. *Kifua.* Simama mlangoni, weka kigasha kwenye fremu ya mlango, kiwiko kikiwa chini kidogo ya bega, kisha songa hatua ndogo mbele. Mpigaji aliyeinamia kinanda saa nzima anahitaji huu kuliko mingine yote.

Kipimo cha upole ni hiki: uhisi mvuto, usihisi maumivu. Ukihisi ganzi au umeme kwenye vidole, legeza mara moja. Na kama kano imekwisha kuvimba au inauma ukiigusa, usiinyooshe wala usiikande kwa nguvu kwa dawa ya kuchua. Kwanza ipumzike.

Historia ya muziki ina fundisho hapa. Robert Schumann, mtunzi Mjerumani, alikuwa kijana mwenye nia ya kuwa mpiga piano mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikuwa na tatizo katika mkono wake wa kulia, na katika kutafuta uwezo wa haraka alitumia kifaa cha kulazimisha kidole. Hatimaye aliiacha ndoto ya kuwa mpigaji wa jukwaani, akabaki kuwa mtunzi. Wataalamu bado wanajadili chanzo halisi cha tatizo lake. Lakini kulazimisha kidole hakukumsaidia.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tumfikirie mseminari wa miaka 24 anayepiga kinanda kwenye mpangilio ule wa meza ya sentimita 75. Jumatano ya Juma Kuu anasikia maumivu upande wa kidole gumba, karibu na kifundo, kila anapotanua vidole kufikia oktava. Anatumia dawa za maumivu na anaendelea. Dominika ya Pasaka anashindwa kufungua mfuniko wa chupa.

Dalili hizi zinafanana na tatizo la ala ya kano za kidole gumba, ambalo daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alilieleza mwaka 1895. Njia rahisi ya kulitilia mashaka ni kufunga gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Maumivu makali upande wa gumba yanaashiria ala hiyo, ingawa uthibitisho ni kazi ya mganga. Mama wanaobeba watoto wachanga nao hulipata mara nyingi, na hivyo mambo haya yanafaa kujulikana hata nyumbani.

Kosa kubwa la kijana wetu lilikuwa zile dawa za maumivu. Dawa iliyomezwa kabla ya kupiga haiifanyi kano iwe imara. Inazima tu kengele ya tahadhari, na mtu anaendelea kuisugua.

Baada ya Pasaka anafanya hivi. Kwa siku tano hapigi kabisa, na hatumii gumba hilo kwenye simu wala kukamua nguo. Anaendelea kusogeza mkono kwa wepesi, asiufunge usikakamae. Katika siku hizo meza inabadilishwa kama tulivyoeleza. Maumivu ya kawaida yakiisha, anaanza na dakika 10 mara tatu kwa siku, nyimbo za taratibu zisizo na oktava. Kila baada ya siku mbili anaongeza dakika 5 kwa kila kipindi.

Kanuni inayomwongoza ni ya asubuhi ya pili. Kama maumivu ni kidogo na asubuhi inayofuata yametoweka, kipimo kilikuwa sawa. Kama asubuhi kifundo ni kigumu na kinauma kuliko jana, anarudi kwenye kipimo cha hatua ya nyuma. Oktava zinarudi mwisho kabisa, na pale anapoweza, noti ya chini inaachwa kwa mkono wa kushoto. Wakati huo wote mwenzake anapokea zamu moja ya Misa. Parokia yenye mpiga kinanda mmoja tu haina namna ya kumpumzisha, kwa hiyo kufundisha wa pili ni sehemu ya kinga.

Wakati wa kwenda hospitali

Yapo mambo yasiyosubiri mapumziko wala minyoosho. Nenda kituo cha afya kama maumivu hayajapungua baada ya majuma mawili ya kupumzisha mkono, kama mahali panavimba, ni pekundu na pana joto, kama unaangusha vitu, au kama unaamka usiku kwa ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Ganzi hiyo inaashiria kubanwa kwa ule mshipa wa fahamu unaopita na kano tisa. Kidole kinachojikunja chenyewe wakati wa kupiga, bila maumivu, ni tatizo la aina nyingine. Linahusu namna ubongo unavyoongoza mkono, na kujinyoosha hakulitibu. Na maumivu ya bega au mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yapelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda ni moyo.

Neno kwa walimu wa kwaya

Nanyi mnaongoza kwa mikono, na mabega yenu yanauma kwa sababu ile ile ya uzito ulioinuliwa. Mwalimu huinua mikono juu ya mabega ili waimbaji wa safu ya nyuma wamwone. Ni afadhali asimame juu ya kisanduku imara cha sentimita 20, na mikono ibaki kati ya kitovu na kifua. Wimbo ukiwa na mapigo thabiti, mkono mmoja unatosha, na wa pili upumzike hadi pale unapohitajika kuingiza sauti fulani.

Maswali ya kujipima

1. Je, kiwiko chako kiko sentimita ngapi kutoka sakafuni unapoketi kwenye kinanda, na vibao viko sentimita ngapi?

2. Juma lililopita ulipiga masaa mangapi, na juma lijalo ratiba inakutaka upige mangapi?

3. Wakati wa mahubiri ya Dominika iliyopita, mikono yako ilikuwa wapi?

4. Je, katika parokia au seminari yako yupo mtu wa pili anayeweza kupokea kinanda ukihitaji kupumzika majuma mawili?